Vijiti vimejaa, picha haziendi: kisa cha ghorofa ya nne Kariakoo

Mama mmoja anauza vitenge kwa jumla katika ghorofa ya nne ya jengo moja Kariakoo, Dar es Salaam. Wateja wake wengi hawafiki dukani. Wako Mwanza, Tunduma na Lubumbashi, wanachagua mali kwa picha na kwa simu ya video, kisha wanatuma fedha na mzigo unapakiwa. Meza yake ya kazi iko kwenye roshani inayotazama barabara, kwa sababu pale kuna mwanga mzuri wa kupigia picha na, kama alivyoamini, kuna mtandao mzuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya duka. Simu inapokuwa pale, vijiti vyote vinne vya 4G huwa vimejaa. Hata hivyo, kila siku kuanzia kama saa tano asubuhi picha zilikuwa zinazunguka tu bila kufika, na simu ya video ilikuwa inaganda mteja akiwa katikati ya kuchagua rangi.

Kabla ya kunifikia alikuwa amekwishatumia fedha mara tatu. Alinunua kifurushi kikubwa zaidi, akabadilisha laini, na mwisho akanunua simu mpya. Kampuni yake ya simu, alipoipigia, ilimuuliza vijiti vingapi vinaonekana, na alipojibu kuwa ni vyote, aliambiwa kuwa basi mtandao hauna shida. Swali aliloniuliza lilikuwa la haki kabisa: “Mwanangu, kama vijiti vimejaa na bando lipo, sasa ugonjwa uko wapi?” Nimefanya kazi ya kupima mitandao ya simu kwa miaka kadhaa, nami naona kuwa jibu alilopewa na kampuni ndilo linalowapotosha watu wengi zaidi, kwa hiyo ninakieleza kisa hiki kwa ukamilifu.

Tuanze na kile ambacho vijiti vinapima. Mnara wa 4G hutoa mawimbi ya rejea muda wote, usiku na mchana, kwa nguvu isiyobadilika, ili kila simu iliyo karibu iweze kuutambua na kuupima. Nguvu ya mawimbi hayo inapofika kwenye simu huitwa RSRP, na huandikwa kwa dBm, namba hasi ambayo kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Katika programu asilia ya Android, kabla mtengenezaji wa simu au kampuni ya mtandao hajaweka mipaka yake, vijiti vyote hujaa RSRP ikiwa −98 dBm au zaidi. Mama huyu alikuwa anapata −79 dBm pale roshani, nguvu ambayo ni karibu mara themanini ya ile inayotosha kujaza vijiti. Kwa kipimo hicho simu haikudanganya hata kidogo: mnara ulikuwa unasikika vizuri sana.

Mipaka hiyo, ni vyema msomaji afahamu, si sheria ya maumbile. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ilikiri hadharani kuwa hesabu iliyokuwa ikitumika kwenye iPhone kuchora vijiti ilikuwa na makosa, na kwamba mara nyingi ilionyesha vijiti viwili zaidi ya vile vilivyostahili, kisha ikairekebisha. Simu mbili zilizowekwa mezani pamoja zinaweza kuonyesha vijiti tofauti huku zikipokea mawimbi yale yale.

Jambo kubwa zaidi, hata hivyo, ni kuwa mawimbi ya rejea hayajali mnara unahudumia watu wangapi. Awepo mtu mmoja au wawepo mia mbili, yanatoka kwa nguvu ile ile, na vijiti vinabaki pale pale. Wala hayajali kama minara mingine inapiga kelele juu yake. Hayo mawili, yaani kelele na msongamano, ndiyo yaliyokuwa yanamtesa mama huyu kwa pamoja, na kazi yangu ilikuwa kuyatenganisha ili kila moja lijulikane lina uzito gani.

Njia niliyotumia ni rahisi na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuirudia. Nilipima sehemu mbili na nyakati mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa ile roshani. Ya pili ilikuwa stoo ya nyuma, chumba chenye dirisha dogo linaloangalia ua, ambacho kimetengwa na barabara kwa kuta mbili. Wakati wa kwanza ulikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maduka mengi yakiwa bado yamefungwa, na wa pili saa nane mchana. Nyakati hizo nilizichagua kwa sababu eneo la biashara kama Kariakoo huelemewa mchana, tofauti na mitaa ya makazi kama Mbagala au Tabata ambayo mtandao wake huelemewa usiku watu wakiwa wamerudi nyumbani. Simu ilikuwa moja, laini moja, na namba ya seli, yaani ya antena inayoihudumia simu na eneo lake, iliyoonekana kwenye skrini ilikuwa ile ile katika sehemu zote mbili. Hilo la mwisho ni la lazima, kwani bila hilo mtu atakuwa analinganisha antena mbili tofauti bila kujua.

Namba hizi husomwa kwenye ukurasa wa siri wa simu. Katika simu nyingi za Android hufunguliwa kwa kubonyeza `*#*#4636#*#*`, na katika nyingi za Samsung kwa `*#0011#`. Pale huonekana RSRP, na pembeni yake namba mbili ambazo vijiti havizionyeshi: SINR, inayosema mawimbi ya seli yako yanazidi kelele kwa kiasi gani, na RSRQ, ambayo nitairudia baadaye kwa sababu ina siri yake.

Saa nane mchana pale roshani RSRP ilikuwa −79 na SINR ilikuwa sifuri. Stoo ya nyuma RSRP ilishuka hadi −103, kijiti kimoja kikapotea, lakini SINR ilipanda hadi 12. Kasi ya kupakua ilikuwa megabiti 0.3 kwa sekunde roshani, na 1.3 stooni. Mama aliomba nirudie kipimo, na nilipokirudia majibu yakawa karibu yale yale. Palipokuwa na vijiti vichache ndipo mtandao ulipokuwa na kasi zaidi ya mara nne.

Sababu inaonekana ukisimama kwenye roshani na kutazama mapaa. Kutoka ghorofa ya nne hakuna kitu kinachozuia macho, na kisichozuia macho hakizuii mawimbi. Simu ilikuwa inahudumiwa na antena iliyo upande wa kushoto, lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na antena nyingine mbili za kampuni hiyo hiyo, zikitumia masafa yale yale. Ukurasa wa siri uliziorodhesha: moja ilifika kwa −81, nyingine kwa −83. Namba hizo zinaonekana ndogo kuliko −79, lakini tuzigeuze kuwa vipimo vya kawaida. Tukisema antena inayomhudumia mama inafika kwa nguvu ya 100, ya pili inafika kwa 63 na ya tatu kwa 40. Wakati zote tatu zinafanya kazi kwa uwezo wote, sauti anayoitaka ni 100 na kelele inayoifunika ni 103. Hiyo ndiyo maana ya SINR ya sifuri: kelele inalingana na ujumbe. Kule stooni kuta mbili ziliipunguza antena ya kushoto kwa kiasi kikubwa, lakini zile mbili za ng'ambo zilizipunguza zaidi, na katika redio kinachohesabika ni tofauti baina yao.

Hapa ndipo pia inapoeleweka kwa nini kile kifaa cha kukuza mawimbi kinachouzwa madukani, ambacho mama alikuwa ameshauriwa akinunue, kisingemsaidia pale roshani. Kifaa hicho hakijui antena ipi ni yake na ipi ni ya jirani. Kingeifanya ile 100 kuwa 1,000, na zile 63 na 40 kuwa 630 na 400. Vijiti vingeng'aa, na uwiano usingebadilika.

Kelele hupunguza kasi kwa njia hii. Simu humwambia mnara, mara nyingi kwa sekunde, hali ya mawimbi inayoyapokea, na mnara huchagua namna ya kufunga data ili ifike salama. Mawimbi yakiwa safi kabisa, kila alama moja inayorushwa hubeba zaidi ya biti tano. SINR ikiwa 12, hubeba takriban biti 2.7. Ikiwa sifuri, mnara hulazimika kurudia na kulinda ujumbe kiasi kwamba alama moja hubeba biti 0.6 tu. Seli ya mama ilikuwa na upana wa megahezi 10, na kwa makadirio ya kawaida seli ya upana huo hurusha alama za data milioni sita kwa sekunde katika mkondo mmoja. Kwa hiyo hata kama mama angekuwa peke yake Kariakoo nzima, pale roshani mchana, kwa kelele ile, asingepata zaidi ya megabiti 3.6 hivi. Stooni angepata kama 16.

Lakini hakupata 16. Alipata 1.3. Kelele imekwishaelezwa na bado kuna pengo kubwa, na pengo hilo ndilo msongamano.

Mnara haumpi mtu njia yake mwenyewe. Hukata muda katika vipande vya milisekunde moja, na kila kipande hukatwa tena kwa upande wa masafa, kisha mafungu hayo hugawiwa simu zote zinazohitaji data kwa wakati huo. Simu iliyokaa mfukoni bila kufanya kitu haihesabiki, lakini zile zinazopakua video, zinazotuma picha na zinazosasisha programu zenyewe bila mwenye simu kujua, zote ziko kwenye foleni. Ukigawanya 16 kwa 1.3 unapata takriban 12, yaani simu ya mama ilikuwa inapata fungu moja kati ya kumi na mbili. Chukua lile fungu ulipeleke roshani: 3.6 ikigawanywa kwa 12 inatoa 0.3, ambayo ndiyo kasi niliyoipima. Siku zote hesabu haikai sawasawa namna hii, kwa kuwa mgao hubadilika kila dakika, lakini hapa ilikaa vizuri kiasi cha kuniridhisha kuwa magonjwa ni mawili na yanazidishana, hayajumlishwi.

Vipimo vya alfajiri vilithibitisha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi RSRP ilikuwa ile ile kabisa, −79 roshani na −103 stooni, na vijiti havikubadilika. Kasi ya stooni ilikuwa megabiti 21. Ya roshani ilikuwa karibu 9, na SINR yake ilikuwa imepanda kutoka sifuri hadi 7. Kupanda huko kunastahili kutazamwa. Hakuna antena iliyosogezwa usiku. Kilichotokea ni kuwa antena mbili za ng'ambo hazikuwa na wateja wa kuwahudumia, hivyo zilikuwa zinatoa mawimbi ya rejea na maelekezo machache tu, na kelele yao ikashuka hadi karibu sehemu moja ya tano. Kumbe msongamano wa jirani ndio unaokuwa kelele kwako. Mchana ukifika na watu wa ng'ambo wakianza kupakua, usafi wa mawimbi ya roshani unaharibika hata kama seli yako yenyewe bado haina foleni.

Kinyume chake pia ni kweli, na hili mara nyingi husahaulika. Mtu mwenye mawimbi machafu hujaza foleni ya wengine. Video ya megabaiti 5 ni megabiti 40. Akiipakua mtu aliye stooni, inachukua seli nzima kwa takriban sekunde mbili na nusu. Akiipakua mtu aliye roshani, inachukua seli hiyo hiyo kwa sekunde kumi na moja. Fikiria roshani zote za ghorofa ya tatu kwenda juu katika mtaa mzima, kila moja ikiona antena tatu au nne, na kila duka likifanya biashara kwa simu. Sehemu ya ile foleni ya watu kumi na wawili imetokana na hilo. Si kwamba watu ni wengi mno. Ni kwamba kila mmoja, zamu yake ikifika, anachukua muda mrefu mno.

Sasa RSRQ. Namba hii hulinganisha nguvu ya mawimbi ya rejea na jumla ya nguvu yote inayopokewa kwenye masafa yale, ikiwemo data ya seli yako mwenyewe. Kwa sababu hiyo hushuka kelele inapoongezeka, lakini pia hushuka seli yako inapokuwa na kazi nyingi, na ndiyo sababu naithamini. Kule stooni ilikuwa −8 alfajiri na −12 mchana, ilhali SINR ilikuwa imebadilika kidogo tu, kutoka 14 hadi 12. Mawimbi yalibaki safi, RSRP haikusogea, lakini RSRQ ikaporomoka: hiyo ni alama ya seli iliyojaa kazi hewani. Kama ningekuta kasi imekufa na RSRQ bado iko −8, ningetafuta ugonjwa mahali pengine, ama kwenye kiungo kinachouunganisha mnara na kituo kikuu, ama mbali zaidi. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, watu wengi Tanzania walikaa na vijiti vilivyojaa huku kurasa zikikataa kufunguka, na hapakuwa na kosa lolote kati ya simu na mnara.

Nilitaka pia kuondoa shaka ya kifurushi, kwani baadhi ya vifurushi hupunguzwa kasi mteja akishatumia kiasi fulani. Hilo lilikuwa jepesi: laini ile ile, siku ile ile, ilitoa megabiti 21 alfajiri na 1.3 mchana, na alipoipima nyumbani kwake jioni akapata zaidi ya 10. Kifurushi kilichobanwa hubana kila mahali.

Kuna jambo moja ambalo simu haiwezi kuliona, nalo linamhusu sana muuzaji wa picha. SINR inayoonekana kwenye skrini ni ya mawimbi yanayokuja. Mama anapotuma picha, kelele inayohesabika ni ile inayosikika juu mnarani, ambako antena inapokea simu za mtaa mzima kwa pamoja, na simu ya kawaida ya 4G hairuhusiwi kutoa zaidi ya takriban wati 0.2. Kwa hiyo kasi ya kutuma nilipima kwa kutuma, kwa faili lile lile la video, na sikuikadiria kutokana na namba za skrini. Stooni mchana lilifika kwa chini ya dakika moja. Roshani nililisitisha baada ya dakika nne.

Malalamiko yaliandikwa upya, safari hii bila neno “vijiti”. Tuliandika namba ya seli, namba za zile seli mbili za ng'ambo, RSRP za zote tatu, SINR na RSRQ za alfajiri na mchana, na tarehe. Barua ya namna hiyo haiwezi kujibiwa na mtu wa mapokezi, hupelekwa kwa mhandisi wa redio. Baada ya wiki kadhaa antena moja ya ng'ambo iliinamishwa kidogo kuelekea chini ili ihudumie barabara yake na iache kurusha juu ya mapaa. Nilirudi kupima. Ile iliyokuwa ikifika roshani kwa −81 sasa ilifika kwa −90, yaani kutoka 63 hadi 8. Kelele yote ikawa 48 badala ya 103, SINR ya mchana ikapanda hadi 3, na kasi ikatoka 0.3 hadi 0.5. Vijiti, bila shaka, vilikuwa vinne kabla na vinne baada.

Ni nafuu, lakini si tiba, kwa kuwa foleni ya mchana ilibaki ilivyo. Kuiondoa kunahitaji kampuni iongeze masafa mengine kwenye mnara ule au igawe eneo kwa antena zaidi, na hayo ni maamuzi ya bajeti yasiyofanywa kwa barua ya duka moja. Mama hakusubiri. Ile simu ya zamani, aliyodhani ni mbovu, ameitundika kwenye dirisha dogo la stoo ikiwa kwenye chaji na imefunguliwa hotispoti, na simu anayoitumia pale roshani inachukua Wai-Fai kutoka kwayo. Video kubwa za mzigo mpya anazituma kabla ya saa moja asubuhi. Wateja wa Lubumbashi wanaona rangi bila kuganda, na binti anayemsaidia ameandika kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya dirisha lile: “Usiitoe hapa hata kama ina vijiti vitatu.”